Juisi nzito na maji: mwongozo kamili wa udhibiti wa uwiano na udhibiti tangulizi

Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kati ya msimu mmoja na mwingine kiwanda kinachotaka kuendelea kufungasha juisi hutegemea juisi nzito, yaani juisi iliyopunguzwa maji mpaka ikafikia Briksi 65 au zaidi. Briksi ni asilimia, kwa uzito, ya sukari na vitu vingine vilivyoyeyuka, kwa hiyo juisi ya Briksi 65 ina gramu 65 za vitu hivyo katika kila gramu 100. Kazi ya mtambo ninaoueleza hapa ni kuichanganya juisi hiyo na maji ndani ya bomba, bila kusimama, ili itoke juisi ya kunywa yenye Briksi 12. Nitaufuata mtambo mmoja mdogo kuanzia mwanzo hadi mwisho, wenye mtiririko wa maji wa takriban lita 100 kwa dakika, kwa sababu mambo yote muhimu ya udhibiti wa aina hii yanaonekana humo.

Mawazo matatu yanafanya kazi pamoja. Udhibiti wa uwiano unapima mkondo mmoja na kuulazimisha mkondo wa pili uufuate kwa kipimo kilichowekwa. Udhibiti tangulizi unapima badiliko kabla halijaifikia juisi iliyochanganywa, kisha unalirekebisha mapema. Udhibiti wa mrejesho unaipima juisi iliyokwisha kuchanganywa na kusahihisha kosa lililobaki. Mitambo mingi inayoyumba ina vifaa vya yote matatu, lakini kazi zimegawanywa vibaya: mrejesho umeachiwa mzigo ambao hesabu rahisi ingeubeba mapema zaidi na kwa usahihi zaidi.

Hatua ya kwanza: kuamua mkondo upi uongoze

Katika mtambo wetu maji yanashuka kutoka kwenye tangi la juu. Tangi likijaa yanapita lita 110 kwa dakika, likikaribia kuisha yanapita 85, na mashine ya kuosha chupa ikifungua vali yake mtiririko unaanguka ghafla. Hatuna sababu ya kupambana na mabadiliko hayo. Maji yanaachwa yapite yanavyopita, yanapimwa, na juisi nzito inayafuata. Kwa hiyo maji ndiyo mkondo kiongozi, na juisi nzito ni mkondo mfuasi.

Uamuzi huu una mantiki yake. Mkondo mkubwa usiodhibitika kwa urahisi ndio unaofaa kuongoza, na mkondo mdogo wenye pampu inayotii ndio unaofaa kufuata. Isitoshe, hitilafu moja inakuwa salama zaidi: maji yakikatika, juisi nzito nayo inasimama. Mpango ukigeuzwa, maji yanaweza kukatika huku juisi nzito ikiendelea kumiminika na kulijaza bomba la bidhaa.

Juisi nzito inasukumwa na pampu ya skrubu inayoendeshwa na inverta, yaani kifaa cha umeme kinachobadilisha kasi ya mota yake. Baada ya pampu kuna mita ya koriolisi, ambayo inapima uzito unaopita kwa dakika na pia msongamano wa kimiminika. Upande wa maji kuna mita ya sumaku-umeme, inayotosha kabisa kwa maji na yenye bei nafuu zaidi. Mikondo miwili inakutana kwenye kichanganyio kisichozunguka kilichofungwa ndani ya bomba, na mita nane mbele yake kuna refraktomita ya kupima Briksi ya bidhaa. Baada ya hapo juisi inaingia kwenye tangi la kusawazisha la lita 500, kabla ya kwenda kwenye kupasha moto na kujaza chupa. Kila mkondo una vali ya kuzuia kurudi karibu na mahali pa kukutania, kwa sababu umeme ukikatika juisi nzito inaweza kuteleza ndani ya bomba la maji, au maji yakaingia upande wa juisi nzito.

Hatua ya pili: kupiga hesabu ya uwiano kwa uzito

Uwiano wa kuchanganya unapatikana kwa kufuata sukari. Sukari yote iliyomo katika bidhaa imetoka kwenye juisi nzito. Tukiita Briksi lengwa `Bt`, Briksi ya juisi nzito `Bc`, mtiririko wa maji kwa kilo `Fw`, na mtiririko unaotakiwa wa juisi nzito `Fs`, hesabu ni hii:

```
R  = Bt / (Bc - Bt)
Fs = R * k * Fw
```

Herufi `k` ni kisahihisho kinachotoka kwenye mrejesho, na kwa sasa tuichukue kuwa 1. Kwa lengo la 12 na juisi nzito ya 65, `R` ni 12 gawanya kwa 53, yaani 0.2264. Maji lita 100 kwa dakika ni kilo 99.8, hivyo juisi nzito inayohitajika ni kilo 22.6 kwa dakika.

Hesabu hii ni ya uzito, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Juisi nzito ya Briksi 65 ina msongamano wa takriban kilo 1.316 kwa lita katika nyuzi 20, kwa hiyo kilo 22.6 ni lita 17.2 tu. Anayeingiza 0.2264 kama uwiano wa lita atapata juisi yenye Briksi zaidi ya 14. Tatizo lingine ni kwamba uwiano wa lita haudumu, kwa sababu msongamano wa juisi nzito hubadilika pamoja na Briksi yake na joto lake. Kama mfuko unaruhusu mita moja tu ya koriolisi, iwekwe kwenye juisi nzito.

Angalia pia kwamba `Fw` ni mtiririko uliopimwa, wala si ule uliokusudiwa. Kidhibiti kinachozidisha uwiano kwa thamani lengwa ya maji kitaendelea kusukuma juisi nzito inayofaa maji lita 100 hata maji halisi yakiwa yameshuka hadi 85.

Kuna mpango mwingine unaoonekana wa kawaida lakini unaleta matatizo: kugawanya mtiririko wa juisi nzito kwa mtiririko wa maji, kisha kukipa kidhibiti jawabu hilo kama kipimo cha kufuata. Kwa mgawanyo huo, nguvu ya kitanzi cha udhibiti, yaani mzunguko wa kupima, kulinganisha na kurekebisha, inabadilika kila maji yanapobadilika. Kitanzi kilichowekwa vizuri kwenye lita 100 kinakuwa na nguvu mara mbili na nusu kwenye lita 40, kinaanza kuyumba, na maji yakisimama mgawanyo wenyewe unakosa maana. Kuzidisha hakuna kasoro hiyo: kipimo cha kitanzi kinabaki kilo kwa dakika, na uwiano unaingia kupitia thamani lengwa pekee.

Hatua ya tatu: kuhakiki mita kabla ya kugusa kidhibiti

Hakuna hesabu itakayoiponya mita inayodanganya. Kwa juisi nzito, chukua ndoo ya lita 20 iliyo kavu, ipime tupu kwenye mizani, sifurisha kijumlishi cha mita, kisha elekeza mkondo ndani ya ndoo mpaka ifike karibu kilo 20. Simamisha pampu na ulinganishe kilo za mizani na kilo za kijumlishi. Usitumie saa kwa kazi hii, kwa kuwa kosa la sekunde moja katika dakika ni karibu asilimia 2, kubwa kuliko kosa la mita yenyewe unayotaka kulijua. Rudia mara tatu. Tofauti ikiwa ndogo kuliko nusu asilimia na haina mwelekeo mmoja, iache mita ilivyo. Upande wa maji fanya hivyohivyo kwa pipa la lita 200 lililowekwa juu ya mizani.

Mita ya sumaku-umeme inataka bomba lililojaa. Ikiwa imefungwa sehemu ya juu ya mlalo ambapo hewa inajikusanya, itaonyesha maji mengi kuliko yaliyopo na juisi itatoka tamu kupita kiasi. Ifungwe kwenye bomba linalopanda, ambapo maji yanalijaza bomba lote.

Hatua ya nne: kuweka kitanzi cha juisi nzito

Kitanzi hiki cha ndani kina kazi moja, nayo ni kuufikisha mtiririko wa juisi nzito kwenye `Fs` haraka na bila kuyumba. Kisipokuwa thabiti, vyote vilivyojengwa juu yake vitayumba.

Pampu ya skrubu hutoa kiasi kinacholingana na mzunguko wake, kwa hiyo jaribio ni jepesi. Weka kidhibiti katika hali ya mkono, endesha inverta kwenye hezi 25, subiri mtiririko utulie, kisha panda ghafla hadi 30. Kwenye pampu ya mfano wetu mtiririko unatoka kilo 18.0 hadi 21.6 kwa dakika, yaani kila hezi moja inaleta kilo 0.72. Kati ya kuamuru na kuanza kuona badiliko inapita nusu sekunde, na sehemu kubwa ya badiliko inakamilika ndani ya sekunde mbili baadaye.

Kutokana na takwimu hizo, nguvu ya kidhibiti ya hezi 0.8 kwa kila kilo ya kosa, pamoja na muda wa jumlisho, yaani muda wa kukusanya kosa linalobaki, wa sekunde 2, inaleta mwitikio wa takriban sekunde 3. Lakini tunaweza kumsaidia kidhibiti zaidi. Kwa kuwa tunajua kwamba hezi moja ni kilo 0.72, programu inagawanya `Fs` kwa 0.72 na kupeleka jawabu moja kwa moja kwenye inverta kama mzunguko wa msingi, kisha kidhibiti kinaongeza au kupunguza kidogo tu. Kwa kilo 22.6 mzunguko wa msingi ni hezi 31.4. Huu nao ni udhibiti tangulizi, na ndiyo sababu mtambo unaamka kwa utulivu badala ya kusubiri kidhibiti kijumlishe makosa mpaka kifike.

Tuone sasa mashine ya kuosha chupa inapofungua vali na maji kuanguka kutoka 100 hadi 80 kwa mpigo mmoja. Kwa sekunde hizo tatu juisi nzito inakuwa nyingi mno, na refraktomita itaonyesha kilele kinachoweza kukaribia Briksi 14. Kilele hicho kinatisha kwenye skrini, lakini juisi nzito ya ziada ni kilo 0.23 hivi tu, na ikiingia kwenye tangi la kusawazisha lililojaa lita 500 inapandisha Briksi kwa 0.02. Vali ile ikifungwa, kosa la upande wa pili linaingia na kulifuta. Kwa hiyo tangi la kusawazisha ni sehemu halali ya mpango wa udhibiti, na anayeliondoa ili kuokoa nafasi atalazimika kuwa na kitanzi cha ndani chenye kasi zaidi. Kinachosaidia zaidi pale ambapo hakuna tangi ni kuifanya vali ya mashine hiyo ifunguke polepole, kwa sekunde kumi na tano au zaidi, ili pampu iweze kuyafuata maji hatua kwa hatua. Kipimo cha maji nacho kisichujwe, yaani kisilainishwe kwa wastani, kupita sekunde moja, maana kila sekunde ya mchujo ni sekunde ya kuchelewa kwa mfuasi.

Hatua ya tano: kutanguliza badiliko la Briksi ya juisi nzito

Juisi nzito huja katika madramu, na dramu mbili zilizosimama pamoja zinaweza kutofautiana kwa Briksi kadhaa. Tuseme dramu ya 65 imeisha na inayofuata ni ya 68. Anayechanganya kwa uwiano uleule wa lita atapata bidhaa ya Briksi 12.7. Anayetumia uwiano uleule wa uzito atapata 12.55. Uwiano sahihi kwa dramu mpya ni 12 gawanya kwa 56, yaani 0.2143, na mtiririko unaotakiwa umeshuka kutoka kilo 22.6 hadi 21.4.

Mita ya koriolisi tayari inaujua msongamano wa dramu mpya, na kutoka hapo Briksi inapatikana. Kwa eneo la Briksi 62 hadi 68, mstari ulionyooka unatosha:

```
rho20 = rho + 0.0006 * (T - 20)
Bc    = 65 + (rho20 - 1.3163) / 0.0062
```

Hapa `rho` ni msongamano kwa kilo kwa lita na `T` ni joto la juisi nzito ndani ya mita. Sahihisho la joto halina hiari. Asubuhi za Juni na Julai Dodoma ni za baridi, mchana dramu lililowekwa juani linachemka, na tofauti ya nyuzi 10 ikipuuzwa inaonekana kwenye hesabu kama tofauti ya karibu Briksi 1. Takwimu zilizomo kwenye mstari huo ni za myeyusho wa sukari ya kawaida; juisi ya zabibu ina asidi na sukari za aina nyingine, kwa hiyo pima sampuli chache za juisi yako kwa refraktomita ya maabara na urekebishe namba 65 ya kwenye mstari mpaka majibu yalingane.

Swali linalofuata ni la muda. Kati ya mita na mahali pa kuchanganyia kuna mita mbili za bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 25, linalobeba lita 1 hivi. Kwa lita 17 kwa dakika, juisi nzito inatumia sekunde tatu na nusu kufika. Hii ndiyo nafasi tuliyopewa: tunaweza kuuchuja msongamano kwa sekunde 3 ili kuondoa mtetemo wa kipimo, na uwiano mpya bado utafika karibu pamoja na juisi yenyewe. Ukichuja kwa sekunde 30, kama nilivyoona kwenye mitambo fulani, umeutupa utangulizi wote na kubaki na mrejesho uliovaa jina lingine.

Adui mkubwa wa hatua hii ni hewa. Dramu likikaribia kuisha, pampu inaanza kuvuta mapovu, msongamano unaoonekana unashuka, na hesabu inaamini kwamba juisi nzito imekuwa nyepesi. Mapovu yanayoshusha msongamano kwa asilimia 1 yanasomeka kama upungufu wa Briksi 2.1, uwiano unapanda kutoka 0.2264 hadi 0.2358, na bidhaa inatoka na Briksi 12.4. Kwa hiyo weka lango kwenye programu: msongamano ukitoka nje ya 1.28 hadi 1.36, au ukishuka zaidi ya 0.005 ndani ya sekunde moja, `Bc` ibaki kwenye thamani ya mwisho iliyoaminika na kengele ilie. Dramu mpya halisi halibadilishi msongamano kwa ghafla hivyo, kwa sababu juisi mbili huchanganyika kidogo ndani ya bomba la kuvutia.

Bomba hilo la kuvutia linahitaji uangalifu wa pekee hapa kwetu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni karibu kilopaskali 89 badala ya 101 za pwani. Hewa hiyo ndiyo inayoisukuma juisi nzito kuingia kwenye pampu, na juisi nzito ya asubuhi ya baridi ina ukinzani mkubwa. Pampu iliyofanya kazi vizuri Dar es Salaam kwa bomba la kuvutia refu na jembamba inaweza kukosa chakula Dodoma. Bomba liwe fupi, pana, na tangi la kulishia liwe juu ya pampu.

Hatua ya sita: kuufunga mrejesho juu ya vyote

Hata baada ya yote hayo yatabaki makosa madogo: mita iliyohama kidogo, mstari wa msongamano usiolingana kabisa, maji yenye chumvi zake. Haya ni ya mrejesho. Refraktomita inasoma Briksi ya bidhaa, inailinganisha na 12, na kidhibiti kinabadilisha `k`. Angalia mahali `k` inapoingia: inazidisha uwiano. Isingekuwa sawa kuiongeza moja kwa moja kwenye mzunguko wa pampu, kwa sababu sahihisho linalofaa kwenye lita 110 lingekuwa kubwa mno kwenye lita 60. Kosa la mita ni asilimia, na sahihisho lake nalo liwe asilimia.

Ili kuchagua kasi ya mrejesho, hesabu kwanza ucheleweshaji. Bomba la milimita 50 lenye urefu wa mita nane linabeba lita 15.7. Bidhaa inapita lita 117 kwa dakika, hivyo inatumia sekunde 8 kufika kwenye refraktomita. Maji yakipungua hadi nusu, sekunde zinakuwa 16. Ongeza sekunde 4 za kifaa chenyewe, na hali mbaya zaidi ni sekunde 20. Kwa kitanzi ambacho karibu chote ni kuchelewa, jumlisho peke yake linatosha, bila sehemu nyingine za kidhibiti cha PID, yaani ile inayofuata ukubwa wa kosa na ile inayofuata kasi ya kubadilika kwake.

Badiliko la asilimia 1 katika `k` linasogeza Briksi ya bidhaa kwa 0.10. Tukitaka kosa lipungue kwa utulivu hata katika ucheleweshaji wa sekunde 20, kanuni nzuri ni hii: kosa la Briksi 0.1 lisogeze `k` kwa asilimia 1 katika kila sekunde 60. Anayeona kwamba hiyo ni polepole mno akumbuke kwamba kasi imekwisha kutolewa na uwiano na utangulizi. Mrejesho umebakiwa na vitu vinavyobadilika kwa saa na siku.

Wekea `k` mipaka ya 0.95 na 1.05. Mipaka hii ina maana kubwa. Refraktomita ikifunikwa na utando wa juisi na kusoma vibaya, uharibifu mkubwa zaidi unaoweza kufanyika ni nusu Briksi, na kengele itakuwa imelia. Ona pia jinsi inavyothibitisha umuhimu wa hatua ya tano: bila utangulizi, dramu la Briksi 68 lingehitaji `k` ishuke kwa zaidi ya asilimia 5, ingegonga mpaka, na kabla ya kufika hapo zaidi ya lita mia moja zingekuwa zimepita zikiwa na kosa.

Hatua ya saba: kuwasha, kusimama na kufika kikomo

Maji yatangulie. Programu isubiri mtiririko wa maji upite lita 30 kwa dakika ndipo iruhusu pampu ya juisi nzito, na ukishuka chini ya hapo pampu isimame. Bidhaa ya mwanzo ielekezwe kwenye tangi la kurudia mpaka Briksi itulie kati ya 11.9 na 12.1 kwa nusu dakika. Muda huo wote `k` iwe imegandishwa kwenye thamani yake ya mwisho, kwa sababu refraktomita inasoma maji matupu na kidhibiti kisichozuiwa kitajumlisha kosa kubwa na kuipeleka `k` kwenye 1.05. Kugandisha huko kufanyike pia pampu ikiwa katika hali ya mkono, lango la msongamano likiwa limeishikilia `Bc`, au inverta ikiwa imefika mwisho. Umeme ukirudi baada ya kukatika, mtambo uanze upya kwa utaratibu huohuo bila kujaribu kulipa deni la kilo ambazo hazikuingia. Bidhaa ya wakati ule imekwisha kupita.

Kufika mwisho kwa pampu kunataka kanuni yake. Inverta ikiwa kwenye hezi 50 na juisi nzito bado iko chini ya `Fs` kwa asilimia 2 kwa sekunde kumi, uwiano umevunjika na bidhaa inakuwa nyepesi. Mfuasi hawezi kuongeza, basi kiongozi apunguze: vali ya maji ifungwe polepole mpaka pampu irudi ndani ya uwezo wake.

Kuusoma mtambo kupitia `k`

Andika thamani ya `k` kwenye daftari kila dramu linapobadilishwa, pamoja na mzunguko wa inverta na mtiririko wa maji. Mtambo ulio mzima una `k` kati ya 0.99 na 1.01, na haishtuki dramu jipya linapoingia. Ikiruka kila dramu linapobadilishwa na kisha kutulia mahali papya, mstari wa msongamano haulingani na juisi yako, au sahihisho la joto halifanyi kazi. Ikisogea polepole upande mmoja kwa wiki kadhaa bila kujali dramu, rudi kwenye ndoo na mizani, kwani mita moja inahama. Ikishuka na kupanda kufuata saa za mchana na usiku, tazama joto. Ikizunguka juu na chini kwa mdundo wa dakika moja au mbili, mrejesho una haraka kupita kiasi, na mara nyingi hilo huonekana maji yakiwa machache, pale bidhaa inapochelewa zaidi bombani.

Mzunguko wa inverta una habari nyingine. Juisi nzito ya zabibu ikikaa kwenye baridi huacha fuwele za tartari, na fuwele hizo huziba chujio la kabla ya pampu. Mtiririko unabaki sahihi kwa sababu kitanzi kinaongeza mzunguko kimyakimya, na Briksi ya bidhaa haionyeshi chochote. Lakini kilo 22.6 zilizokuwa zikihitaji hezi 31.4 sasa zinahitaji 34, halafu 38. Chujio lisafishwe hapo, kabla pampu haijaanza kuvuta hewa.

Refraktomita ya bidhaa ikiharibika katikati ya zamu, hakuna haja ya kusimamisha kazi. Gandisha `k` kwenye thamani iliyoandikwa daftarini mara ya mwisho, acha uwiano na utangulizi viendelee, na uchukue sampuli kwa refraktomita ya mkononi kila robo saa. Kosa la sampuli likizidi 0.1 kwa mara mbili mfululizo upande uleule, badilisha `k` kwa mkono kwa asilimia 1 kwa kila Briksi 0.1, usubiri dakika mbili bidhaa mpya ifike mahali pa kuchukulia sampuli, kisha upime tena.